Ndugu wa Mama Mmoja si Ndugu wa Kambo

Miaka michache iliyopita, sisi tunaofasiri nyaraka majumbani tulilipwa kwa neno. Siku hizi mteja huleta waraka uliokwisha kufasiriwa na mashine, akasema, "Sheikh, upitishie jicho tu," kisha akataja ujira usiofika nusu ya ule wa zamani. Dada zetu kadhaa waliosoma Kiarabu madrasani, ambao kazi hii iliwafaa kwa kuwa hufanyika nyumbani watoto wakilala, wametuuliza iwapo waiache. Twawajibu kuwa barua za kawaida na matangazo yamekwenda, wala hayarudi. Lakini zipo nyaraka ambazo kosa la neno moja humtoa mtu katika haki yake, na hapo ndipo pa kuhamia.

Tuchukue mfano wa hati ya warithi, ambayo familia nyingi za pwani huipata kutoka kwa jamaa walioko Omani. Mtu amefariki bila mtoto wala baba. Ameacha mke, mama, na ndugu wawili: mmoja wa mama mmoja, ambaye Kiarabu humwita akhun li-ummi, na mmoja wa baba mmoja, akhun li-abi. Tuseme mali ni shilingi 1,200,000 baada ya madeni na wasia. Mke hupata robo, yaani 300,000. Mama hupata sudusi, 200,000, kwa sababu ndugu wawili, wawe wa upande wowote, humshusha kutoka thuluthi. Ndugu wa mama naye hupata sudusi, 200,000. Ndugu wa baba huchukua kilichobaki, 500,000.

Baadhi ya mashine hutoka Kiarabu zikapitia Kiingereza ndipo zifike Kiswahili. Kiingereza cha kawaida kina neno moja tu kwa ndugu hao wawili, na likifika kwetu huweza kutoka "kaka wa kambo". Sote twajua ndugu wa kambo ni mtoto aliyekuja na mzazi wa kambo, wala hakuna damu baina yenu. Huyo harithi. Anayeisoma tafsiri hiyo ataona ndugu wote wawili wametoka katika mirathi, mama amerudi kwenye thuluthi yake ya 400,000, na 500,000 zatafutiwa mwenyewe. Hata akitambua kuwa ni ndugu wa damu, hatajua nani ni wa mama na nani wa baba. Na sentensi zenyewe ni laini, hazina kigugumizi. Mashine za zamani zilikosea kwa kelele. Hizi hukosea kwa ufasaha, na kwa hiyo kupitisha jicho hakutoshi.

Kosa jingine hutokea tukitoka Kiswahili kwenda lugha za nje. "Aliachwa mwaka 2011," aandika mwanamke wa pwani, naye amekusudia talaka. Mashine huweza kuandika kwamba alibaki nyuma, au mumewe aliondoka tu. Ofisi ya ugenini ikisoma hivyo, humhesabu bado yumo katika ndoa.

Basi tunapohariri, hatuanzi na rasimu ya mashine. Twasoma asili kwanza na kuandika kando majina yote, nasaba, tarehe, kiasi cha fedha, na kila penye "si" au "ila". Ndipo twafungua rasimu na kulinganisha. Ukianza na rasimu, jicho lako hufuata njia yake na kuiona sawa. Kando tunalo daftari la istilahi za ndoa, talaka, eda na mirathi, tulilolijaza kwa miaka mingi, kila neno na mahali lilipotumika.

Kuhusu ujira, twawashauri dada zetu wasikubali uhariri kwa neno, bali kwa saa. Shika saa uhariri ukurasa wa kwanza, kisha ufasiri ukurasa kama huo upya. Uhariri ukichukua muda zaidi, mrudishie mteja rasimu yake na umtajie bei ya tafsiri kamili. Wengine wataondoka. Wenye kesi ya mirathi hurudi.

Wanaorudi hawanunui maneno peke yake. Chini ya tafsiri tunaandika jina letu, tarehe, na tamko kwamba tumeilinganisha na asili, nasi tukiitwa kueleza, tunakwenda. Mashine haiitwi popote. Tena tunatunza siri. Barua ya talaka au ripoti ya daktari hatuibandiki katika mtandao wa bure, ambao hatujui unahifadhi nini, na sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019 yawahusu hata wafasiri. Mteja humwambia hivyo tangu mwanzo, kabla hajafungua bahasha, na ukimaliza humrudishia karatasi zake zote mkononi.