Safu ya Tatu

Mama alinitumia picha usiku: karatasi ya majibu ya mdogo wangu, jaribio la Hisabati la darasa la saba, maswali 40. Chini yake aliandika: “Mwanangu, niambie tuisheni nimlipie ya nini.”

Kivuli cha simu kilikuwa kimelala juu ya karatasi. Sikuweza kutofautisha duara lililosilibwa na lile lililofutwa kwa ufutio, nikaomba picha nyingine. Asubuhi akaipiga mlangoni, kwenye mwanga, na kuituma pamoja na karatasi ya maswali na majibu sahihi ya mwalimu.

Nilisahihisha safu kwa safu, maswali kumi kumi: 8, 4, 1, 6. Jumla 19. Kisha nikaandika mada kando ya kila swali. Safu ya tatu, iliyopata 1, ilikuwa jometri tupu. Nikaanza kumwandikia mama: jometri.

Nikasita. Kila swali lina herufi tano, hivyo hata anayebahatisha hupata kama mawili katika kumi. Moja ni chache hata kwa asiyejua kitu. Nikarudi kuanzia swali la 21. Yeye amesiliba C, A, E, B. Majibu sahihi ni D, C, A, E, B. Nilisoma mara mbili ndipo nikaona: jibu la 22 liko kwenye mstari wa 21, la 23 kwenye mstari wa 22, na kuendelea hivyo hadi mwisho wa safu, ambapo mstari wa 30 uko mtupu.

Nikampigia. “Swali la 21 ulilifanyaje?”

“Nililiruka, dada. Nilisema nitalirudia.”

Aliruka swali, mstari hakuuruka. Nilipoyarudisha majibu mahali pake, katika maswali tisa alipata manane.

Udhaifu wenyewe ulikuwa safu ya pili. Maswali sita ya sehemu, amepata moja. Hapo herufi zenyewe zilisema: katika matatu kati ya aliyokosa, alichagua jibu linalopatikana ukijumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Nusu jumlisha theluthi, kwake, ni 2/5. Nilimuuliza kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu. Akanyamaza, kisha akacheka kidogo. “Ndogo. Sasa imepunguaje wakati nimeongeza?”

Nilimwandikia mama: sehemu, hasa kujumlisha zenye asili tofauti. Jometri anaijua. Na kila akiruka swali, aweke alama ndogo ya penseli kando ya mstari wake kabla ya kusiliba linalofuata.

Mama akauliza kama sasa alama zitapanda. Nikamjibu hapana. Karatasi husahihishwa kama ilivyosilibwa, na 19 itabaki 19.

“Basi mwambie wewe,” akaandika. “Tangu juzi anasema yeye na Hisabati basi.”