Muziki Unaokata Kioo Kikizima

Umeme ukikatika hosteli, wengi tunawasha Battery Saver ili chaji ifike asubuhi. Mimi naandika andalio la somo huku muziki ukiwa masikioni, maana bila hivyo kelele za korido zinanishinda. Kioo kikizima, dakika chache tu muziki kimya! Waya wa masikioni ni mzima. Simu ndiyo imeifunga programu ya muziki, ikibana matumizi ya chaji.

Utajuaje? Piga wimbo uliohifadhiwa kwenye simu, ili bando lisihusike. Kama unacheza kioo kikiwaka, halafu unakata kikizima, basi ni hilo.

Huna haja ya kuzima Battery Saver. Kwenye Android, shikilia alama ya programu ya muziki, gusa App info, kisha Battery, uchague Unrestricted. Simu nyingine hukutaka ufungue kwanza Allow background usage. Programu zilizobaki zinaendelea kubanwa.

Ukipenda kubonyeza Clear all, angalia: inaweza kuizima hata hivyo. Kama simu yako ina alama ya kufuli kwenye orodha ya programu zilizofunguliwa, ifungie hapo. Ruhusu hiyo moja tu. Ukiruhusu kumi, asubuhi unaamka simu imezima.