Usiku ambao bibi harusi hana mikono

Ukiingia kwenye usiku wa hina kwa mara ya kwanza, utagundua haraka kwamba bibi harusi hana mikono. Anayo, ila imenyooshwa juu ya mito, imepakwa, na haruhusiwi kuitumia. Kwa saa kama saba hawezi kushika kikombe, kujikuna pua, kufukuza mbu wala kugusa simu. Analishwa, anapepewa, anafutwa jasho. Mambo mengi ya usiku ule yanatokana na hapo: nani anakaa karibu naye, nyimbo zinaimbwa kwa muda gani, nani anatolewa nje na saa ngapi.

Nimehudhuria kadhaa, lakini nitaeleza ule wa binti wa mama yangu mdogo, kule Tanga. Uliandaliwa vizuri, na ulikuwa na mvutano ambao mzazi yeyote mwenye binti wa kuozesha huenda akakutana nao: hina au piko?

Kwa wasiojua tofauti, hina ni majani ya mti wa mhina, yanakaushwa, yanasagwa na kuchekechwa. Unga wake ni wa kijani na unanuka majani makavu. Rangi inayoacha kwenye ngozi ni ya chungwa mwanzoni, kisha inageuka damu ya mzee. Piko ni kitu kingine kabisa. Ni dawa ya kutia nywele rangi nyeusi, inayochanganywa na kuchorwa kwenye ngozi. Inakauka upesi, inakuwa nyeusi tii siku hiyohiyo, na kwenye picha inaonekana kama wino. Binamu yangu alitaka piko. Mpiga picha alishalipwa, na maua meusi mgongoni mwa kiganja ndiyo aliyokuwa ameyahifadhi kwenye simu yake tangu uchumba.

Aliyekataa ni somo wake, si mama. Somo ni yule mwanamke mtu mzima anayepewa msichana tangu anapovunja ungo, wa kumwambia yale ambayo mama anaona haya kuyasema. Huyu alimkumbusha binti kwamba akiwa na miaka kumi na tano alichorwa piko siku ya Idi, na baada ya wiki moja mkono ukavimba, ua zima likainuka malengelenge kufuata mchoro. Ngozi ilipopona, alama ya ua ilibaki nyeupe kwa miezi. “Mwanangu, mkono ule ulishakwambia,” alisema. “Unataka uulize tena siku ya nikaha?”

Mimi kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo nikaulizwa kama somo anatisha watu bure. Hakuwa anatisha. Piko nyingi zina kemikali ifupishwayo PPD, yaani parafenilenediamini. Imetengenezwa kwa ajili ya nywele, kwa kiasi kidogo, na huoshwa baada ya muda mfupi. Ikipakwa kwenye ngozi kwa wingi na kuachwa, mwili wa baadhi ya watu huitambua kama adui. Mara ya kwanza dalili huweza kuchelewa wiki moja au hata zaidi, ndiyo maana wengi hulaumu sabuni au samaki. Mara ya pili mwili haungoji. Ndani ya siku moja hadi tatu mkono unawasha, unavimba na kutoa maji. Piga hesabu: ukichorwa Jumatano, hiyo ni Ijumaa yenyewe ya harusi.

Tena jambo hilo haliishi na harusi. Mtu ambaye mwili wake umeshaikataa PPD huwa hivyo maisha yake yote. Akiwa na miaka hamsini akataka kuficha mvi, dawa ya kawaida ya nywele inaweza kumvimbisha uso hadi macho yafumbe. Wapo waliochorwa mara kumi bila kuona kitu, ni kweli, na hao ndio wanaotolewa mfano kila sebule. Lakini hakuna njia ya kujua kwa kumtazama mtu kwamba wa kumi na moja ni yeye. Hata kujaribisha tone moja usiku wa kuamkia harusi hakusaidii, kwa sababu mwili unaweza kuchukua siku nyingi kujibu.

Basi ikaamuliwa hina, na uamuzi huo ukavuruga ratiba yote. Piko ingeweza kuchorwa Alhamisi jioni. Hina ya kweli inahitaji muda: ikitolewa asubuhi ina rangi ya karoti, na inachukua karibu siku mbili kuiva. Nikaha ilikuwa Ijumaa alasiri, kwa hiyo usiku wa hina ukarudishwa Jumatano. Mashangazi wa Dar walilalamika sana kuhusu nauli na ruhusa za kazini. Wawili hawakuja.

Jumatano mchana somo alichanganya unga wenyewe, kama gramu mia moja, unaotosha mikono na miguu. Akaukanda na maji ya ndimu na sukari kidogo mpaka ukawa mzito kama mtindi, akaufunika na kuuacha kwa saa nyingi. Hina iliyo tayari unaitambua kwa kuweka tone kiganjani dakika tano na kulifuta. Likiacha alama ya chungwa, rangi imetoka. Alitufundisha na namna ya kuikataa ya dukani: ikiwa uji wake ni mweusi tangu mwanzo, au inanuka mafuta ya taa, au muuzaji anakwambia nusu saa inatosha, hiyo si hina tupu.

Binti alisinguliwa kwa singo yenye liwa na maji ya waridi, akaoga, akasali Isha kwanza. Hilo si dogo, maana uji wa hina ukiwa bado mkononi maji ya udhu hayafiki kwenye ngozi. Kisha akakalishwa kwenye mkeka mpya, amevaa kanga ya kisutu, kikuba cha asumini na rehani kifuani. Upande wa bwana harusi walikuwa wameingia na sinia la udi, marashi na halua, wakipokewa kwa vigelegele. Wanawake watupu. Simu zilikusanywa mlangoni kwenye kikapu, kwa kuwa humo ndani watu wanavua mabuibui. Mpiga picha wa kike aliruhusiwa dakika ishirini tu, kupiga mikono.

Nyimbo zilikwenda kwa mawimbi. Kwanza kasida na dufu, watoto wakiwemo, bibi zetu wakiongoza. Halafu zikaja nyimbo za kutaniana baina ya pande mbili. Wa kwetu wanaimba kwamba wanatoa lulu, wa kule wanajibu kwamba wamekuja na sanduku la kuiwekea, na kila fumbo linatunzwa noti. Mama mzazi alipoimbiwa, alilia, na binti akalia. Ikabidi shangazi amfute machozi kwa leso kwa sababu mikono ilikuwa imeshapakwa hadi kwenye kifundo. Kupaka kulimalizika saa nne.

Baada ya saa tano wasichana wasioolewa na watoto walitolewa. Mimi nimeolewa, nikabaki. Ngoma ikashuka sauti, na somo akaanza nyimbo za unyago, zile za Bi Kidude na wenzake wa Unguja, ambazo maneno yake hayaandikwi kwenye ukurasa huu. Kati ya wimbo na wimbo alikuwa anaongea. Alizungumzia usafi, na kukataa bila kugombana. Alizungumzia maumivu ambayo si ya kawaida na yanahitaji daktari, na fedha ambazo mwanamke huweka pake. Binti alikuwa ameegemea, hana pa kukimbilia, hana simu ya kujifichia. Aliuliza maswali mawili ambayo nina hakika asingeyauliza mahali pengine. Moja lilikuwa la uzazi wa mpango, na somo, kwa ujasiri wa watu wa zamani, alinigeukia mimi nijibu.

Nafikiri hapo ndipo piko inapotupunguzia kitu ambacho hatukihesabu. Mchoro wa saa moja unakwisha, unaoshwa, bibi harusi anasimama kucheza, wageni wanaaga. Saa zile za kukaa kimya ndizo zilizokuwa za somo.

Wiki moja kabla yake palikuwa na sendofu, Dar, iliyoandaliwa na baba zake wadogo. Kamati ilikaa miezi mitatu, michango, kadi, ukumbi, mshereheshaji, keki, utambulisho wa ndugu ambao peke yake ulichukua saa nzima. Sipendi kuibeza, maana sendofu ina jambo moja ambalo hina haina: baba yupo. Baba yake alipewa kipaza sauti dakika tatu na mshereheshaji akawa anatazama saa. Alisema tu kwamba mlango wa nyumba yake hautabadilishwa kitasa, akakaa. Watu walipiga makofi, muziki ukafunguliwa. Bibi harusi alikuwa jukwaani, meta kumi kutoka kwa mtu yeyote anayeweza kumuuliza kitu.

Nirudi Tanga. Saa kumi na moja alfajiri somo alimkwangua ile hina iliyokauka kwa upande butu wa kisu, akampaka mafuta ya nazi, ndipo akatia udhu. Mikono ilikuwa ya chungwa kabisa. Binti alinuna. Alhamisi usiku ikawa ya kahawia, na Ijumaa alasiri viganja na ncha za vidole vilikuwa vyekundu vinavyokaribia weusi. Mgongo wa kiganja ulibaki mwepesi zaidi, kwa kuwa ngozi ya pale ni nyembamba na haishiki rangi sana. Somo alilijua hilo, ndiyo maana alijaza viganja na vidole, na mgongoni akachora mistari michache tu.

Neno moja kwa wenye watoto wachanga, kwa kuwa usiku ule mtu alitaka kumpaka kichanga wa miezi mitatu “naye apendeze.” Hata hina safi haimfai. Baadhi ya watoto huzaliwa na upungufu wa kimeng’enya kiitwacho G6PD, ambao uko katika familia nyingi za maeneo ya malaria, na kwa hao hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Mtoto aliyepakwa akageuka manjano, akapauka au akakojoa mkojo wa rangi ya kahawa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na waambiwe kwamba alipakwa hina. Unga wa piko nao uwekwe juu kabisa kabatini. Mtoto akiumeza, koo linaweza kuvimba na figo zikaharibika.

Rangi ya ngozi ilimtoka binamu yangu baada ya wiki mbili na ushei. Ya kucha haifutiki, inasubiri kucha ikue. Mwezi wa nne alinitumia picha ya kidole gumba: kipande chekundu kama punje ya mchele kimebaki ukingoni, na chini yake ameandika kwamba somo amempigia simu tena, eti anauliza kama kile alichomwambia usiku ule amekifanya.