King Fahd Road haiandikwi hivyo

Nikiwa hapa Gachoka nilitaka kumtumia dada yangu kiondo, yuko Riyadh. Anwani nikaigeuza Kiarabu kwa kufuata sauti ya Kiingereza: كينج فهد رود. Dada alicheka hadi akakata simu! King Fahd Road yenyewe ni tafsiri. Kibao cha barabarani kinasema طريق الملك فهد, yaani barabara ya Mfalme Fahd, na dereva anatafuta hiyo.

Halafu namba. Niliandika 12211-6543 baada ya maneno ya Kiarabu, skrini ikaonyesha 6543-12211, kwa sababu mstari wa Kiarabu huenda kulia kwenda kushoto. Namba ya posta ni zile tarakimu tano. Nikaiweka mstari wake peke yake, ikatulia. Anwani yangu nikaiacha kwa herufi zetu, maana kifurushi kikirudi, atakayekisoma ni mtu wa Embu.