Maziwa yakitoka kabla ya mtoto, usikimbilie kwa mganga!

Leo nataka tuongee jambo ambalo wasichana wengi wa mjini hunong'onezana chooni, wakati si siri wala si aibu. Mimba bado ina miezi, mtoto hajafika, halafu ghafla unakuta doa la maji mazito ya njano kwenye sidiria. Hapo ndipo wambea wanapoanza: mara umerogwa, mara mtoto atazaliwa kabla ya siku zake, mara maziwa yanaisha bure.

Shoga yangu mmoja, tuliyepanga nyumba moja, yalimkuta hayo akiwa na mimba ya miezi sita. Alikuwa anaoga maji ya moto, akaona matone yanatoka kwenye titi la kushoto. Kidogo tu, kama ukikamua tone la gundi. Akajifunga khanga mbili, akaja chumbani kwangu macho yamemtoka. "Mwenzangu, maziwa yameanza! Mtoto akizaliwa atanyonya nini?"

Kesho yake ilikuwa siku yake ya kliniki, nikamsindikiza. Tulimkuta nesi mtu mzima, mama wa makamo asiye na haraka, akatukalisha kwenye benchi na kutufundisha kama watoto wa darasa la tano.

Alituambia kwamba maziwa hayaanzi siku ya kujifungua kama wengi tunavyodhani. Yanaanza kutengenezwa katikati ya ujauzito, kuanzia kama wiki ya 16 hadi ya 22. Ndani ya titi kuna vifuko vidogo sana, na ndivyo vinavyotengeneza yale maziwa ya mwanzo, mazito, ya njano, ambayo wazee huyaita dang'a. Mwili una homoni inayosukuma maziwa yatengenezwe, lakini kondo la nyuma nalo linatoa homoni nyingine, projesteroni, ambayo kazi yake mojawapo ni kuzuia maziwa yasimwagike kwa wingi kabla ya wakati. Yaani kiwanda kimeshawashwa, ila geti limefungwa.

Sasa geti likifungwa, si lazima lizibe kabisa. Maji ya moto, joto, kubanwa na nguo, au kuwa na mzee kitandani, vyote vinaweza kutoa matone mawili matatu. Ndiyo maana shoga yangu aliyaona bafuni. Wengine huyaona mwezi wa nne au wa tano, wengine mwezi wa mwisho, na wengine hawaoni tone hata moja mpaka wanajifungua. Wote wako sawa. Aliyevuja hatakuwa na maziwa mengi kwa sababu hiyo, na asiyevuja hatakosa. Wala hayaishi, kwa sababu vifuko vinaendelea kutengeneza mengine.

Shoga yangu akashusha pumzi, lakini hapo hapo akamwaga siri nyingine. Kumbe mama mkwe wake alikuwa amemfundisha "kuandaa matiti": kila usiku asugue chuchu kwa taulo kavu ziwe ngumu, kisha akamue kidogo ili mirija ifunguke. Na alikuwa ameshafanya hivyo kwa wiki nzima. Nesi akamuuliza, "Mwanangu, ukikamua tumbo halikazi?" Akajibu kwamba linakaza, ila yeye alidhani ni mtoto anageuka.

Hapo nesi akawa mkali kidogo. Kuchezea na kukamua chuchu kunaamsha homoni ileile inayokaza mji wa mimba wakati wa uchungu. Mwenye mimba salama anaweza asipate neno, lakini mwenye mimba changa, au aliyewahi kujifungua kabla ya wakati, anajitafutia balaa. Kama kuna sababu ya kukamua mapema, tuseme mama ana kisukari, basi hilo hufanyika mwishoni kabisa mwa ujauzito, na kwa maelekezo ya daktari au mkunga. Si la kupangwa jikoni.

Kuhusu kusugua, alisema chuchu haihitaji kufanywa sugu. Vile vipele vidogo mnavyoviona kuzunguka chuchu vinatoa mafuta yake yenyewe ya kulainisha ngozi. Ukisugua kwa taulo, ukapaka sabuni kila siku, unayaondoa mafuta hayo na kuacha ngozi kavu inayopasuka. Maandalizi ya kweli ni rahisi: maji matupu wakati wa kuoga, sidiria ya pamba isiyobana, na kitambaa safi laini ndani yake ukiona unavuja. Kikilowa, badilisha. Basi!

Lakini msije mkaona kila kitokacho ni cha kawaida. Rangi ya njano, ya chungwa, au maji meupe kama ya mchele haina tatizo. Hata damu kidogo huweza kuonekana, maana mishipa ya titi inakua kwa kasi, ila hiyo usiinyamazie, nenda ikaangaliwe. Damu ikiendelea, hasa titi moja tu, au ukipapasa ukakuta uvimbe, au titi limekuwa jekundu, la moto na linauma, au kinatoka usaha, usisubiri siku ya kliniki. Na tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio kabla ya miezi tisa, nenda hospitali hiyo hiyo siku.

Shoga yangu aliacha kusugua na kukamua, na tumbo likatulia. Alijifungua salama, miezi ilipotimia, mtoto wa kike. Mtoto akawekwa kifuani ndani ya saa ya kwanza. Mama mkwe alipoona yale ya njano, akasema, "Hayo machafu, kamua umwage! Mpeni mtoto maji ya sukari." Safari hii shoga yangu hakuyumba. Alimjibu kwa adabu, "Mama, nisamehe, nesi amesema haya ndiyo chanjo yake ya kwanza." Na ni kweli. Dang'a imejaa kinga za kupigana na magonjwa, tena inamsaidia mtoto kutoa kile kinyesi cheusi cha mwanzo.

Siku ya kwanza ilitoka kidogo tu. Kila akinyonyesha ilikuwa kama kijiko kimoja cha chai, pengine hakifiki. Shemeji akataka kukimbilia dukani kununua maziwa ya kopo. Nesi wa wodini akamzuia: tumbo la kichanga ni dogo mno, kijiko kinamtosha, mradi anyonye mara kwa mara.

Kondo la nyuma likishatoka, lile geti ndiyo linafunguka, lakini huchukua siku mbili hadi nne. Shoga yangu siku ya tatu usiku aliamka matiti yamejaa kama mapapai na gauni limelowa. Angalieni nepi pia: mkojo mara moja siku ya kwanza, mara mbili ya pili, na kuanzia siku ya tano zilowe sita au zaidi kwa siku. Kama siku ya nne au ya tano matiti bado hayajajaa na nepi ni kavu, rudi hospitali. Wakati mwingine kipande cha kondo hubaki ndani na kuendelea kufunga geti.

Kwa hiyo, dada yangu mwenye doa kwenye sidiria, weka kitambaa, vaa blauzi yako yenye maua, uende zako kazini. Na wewe kaka unayesoma kwa kuibia, ukiona shuka limelowa usiulize maswali ya kipolisi. Lete khanga kavu.