Kijana Wangu Anahamia Geto: Misosi Mitatu ya Kukuvusha Boom Likikata

Mwanangu, kesho unapanda basi la Dodoma na hujui hata kusonga ugali. Hilo kosa ni langu. Bibi yako alisema mtoto wa kiume hakai jikoni, nami nikanyamaza miaka 18 yote. Kwa hiyo soma hii taratibu, na usicheke.

Anza na ugali. Chemsha maji vikombe viwili. Koroga unga vijiko vitatu kwenye maji baridi kidogo, ndio umimine kwenye maji ya moto. Ukimwaga unga mkavu moja kwa moja utapata madonge. Acha uji utokote dakika tano, kisha ongeza unga kidogo kidogo huku ukisonga, ukiukandamiza kwenye ukuta wa sufuria. Punguza moto, funika dakika tatu, geuza. Ukisikia bado harufu ya unga mbichi, rudisha jikoni. Mboga yake ni dagaa. Toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mpaka usione mchanga chini ya bakuli. Kaanga wakauke, weka kitunguu na nyanya, malizia na ndimu. Usipowakausha kwanza, shombo itajaa chumba kizima na jirani atakuchukia, we endelea tu kuleta ubishi.

Maharage ndiyo yatakayokuokoa, maana sufuria moja unakula siku mbili. Chagua mawe, loweka usiku kucha, asubuhi mwaga yale maji na uweke mapya. Hapo gesi inadumu. Yachemke kwa nguvu kwanza, si chini ya dakika kumi, kwa sababu maharage mekundu yakiiva nusunusu yanatapisha na kuharisha. Mjomba wako alipokuwa chuo aliyala yakiwa magumu kwa haraka ya kipindi, akashinda chooni. Bonyeza punje moja kwa vidole: ikipondeka mpaka katikati, yameiva. Hapo weka chumvi, kitunguu na nyanya ulizokaanga. Jioni yachemshe tena na asubuhi pia, kama huna friji. Yakitoa povu na harufu ya uchachu, mwaga bila huruma. Wali wake ni mchele kikombe kimoja, maji viwili, chumvi, mafuta kijiko. Maji yakikauka juu, funika na upunguze moto uwe mdogo kabisa.

Siku umechoka, kaanga kitunguu na nyanya mpaka ziwe rojo, pasulia mayai mawili humo, koroga, kula na mkate. Dakika kumi tu.

Mwiko nimekuwekea kwenye begi la nguo, ule wa zamani wenye ncha iliyoungua. Bibi yako ameuona nikiufunga, hakusema kitu. Ila baadaye nimekuta ameongeza kimfuko cha dagaa.