Kikao Kinapohama Saa Yake

Kikao cha kila wiki kikishazoea siku yake na saa yake, huwa hakihitaji tena kutangazwa. Mjumbe huondoka nyumbani bila kukumbushwa, na jamaa zake hujua kwamba usiku ule hatakuwepo. Kwa sababu hiyo, kubadili saa ya kikao si jambo la kupasha habari tu. Ni kuing'oa saa moja katika mazoea ya watu na kupandikiza nyingine mahali pake, na mazoea hayang'oki kwa kusomewa tangazo mara moja.

Katika kamati ya msikiti wetu hapa Dar es Salaam tulifanya mabadiliko ya aina hiyo mwezi wa Oktoba 2024. Kwa kuwa uandishi wa matangazo ni kazi ya ukatibu tuliokabidhiwa, tumeona tuwaeleze wasomaji wa ukurasa huu namna tulivyolishughulikia, kwa kuwa familia nyingi zina vikao vyao vya ukoo, vya madrasa na vya kusaidiana, na hivi leo ni nadra wanakikao wote kuishi mji mmoja.

Kikao chetu kilikuwa Alhamisi saa 2:30 usiku, baada ya Isha. Saa hiyo iliwekwa wakati wajumbe wote walikuwa majirani wa msikiti. Sasa tuko wajumbe kumi na mmoja, mmoja yuko Maskati na mwingine yuko London, nao huhudhuria kwa simu. Mama anayewakilisha kitengo cha wanawake amehamia mbali, na daladala za kumrudisha nyumbani saa nne usiku ni za kubahatisha. Akidi yetu ni wajumbe sita, nayo ilikuwa ikitimia kila wiki, kwa hiyo katika daftari mambo yalionekana kwenda sawa. Lakini suala la muda wa kumaliza darasa la wasichana liliahirishwa vikao vitatu mfululizo, kwa kuwa mama huyo ndiye aliyekuwa amezungumza na wazazi, naye hakuweza kufika. Ndugu yetu wa London, ambaye ndiye mtunza hazina, saa hiyo alikuwa ndani ya treni akirudi kazini, na simu yake ilikatika kila mara hesabu ilipofikiwa.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuwauliza wasiofika, si wanaofika. Suala la saa likiletwa kikaoni, wanaojibu ni wale ambao saa ya zamani inawafaa. Tuliwapigia wajumbe wote mmoja mmoja, na hatukuwauliza ni saa ipi wanayoipenda, kwani swali hilo huleta majibu kumi na moja tofauti. Tuliuliza ni saa zipi ambazo hawawezi kabisa. Tulipofuta hizo zote, zikabaki nafasi mbili, na iliyokuwa nyepesi zaidi ni Jumamosi alasiri.

Hata hivyo haikuwa nyepesi kwa kila mtu. Mjumbe mwenye duka alisema kwamba Jumamosi ndiyo siku yake ya mauzo, nasi tukakubaliana kwamba mambo yanayomhusu yatangulizwe ili arudi dukani mapema. Ndugu wa Maskati saa ya zamani ilimfaa, kwani mapumziko ya wiki huko ni Ijumaa na Jumamosi, na Alhamisi usiku hakuwa na haraka ya kulala. Kwa saa mpya, Magharibi ya Maskati huingia katikati ya kikao kwa miezi mingi. Naye alikubali, kwa sharti kwamba akiondoka kuswali, uamuzi unaomhusu usipitishwe mpaka arudi. Saa inayomfaa kila mtu haipatikani. Linalowezekana ni kwamba aliyebeba uzito ajulikane, na apewe kitu cha kumpunguzia.

Baada ya hapo ikaja kazi ya kuandika, na hapo lugha yetu wenyewe inataka uangalifu. Ukiandika kwamba kikao “kimesogezwa mbele kwa saa moja”, nusu ya wasomaji wataelewa kwamba kimechelewesha, na nusu kwamba kimewahishwa. Ukiandika “usiku wa Ijumaa”, wazee wataufahamu kuwa ni usiku wa kuamkia Ijumaa, maana kwao siku huanza jua linapozama, ilhali vijana watakuja usiku wa siku inayofuata. Ukiandika “kila baada ya wiki moja”, atatokea mtu atakayeruka wiki. Na ukiandika “saa 10:30” bila neno jingine, mjumbe aliyezoea saa za Ulaya ataiona kuwa ni saa nne na nusu za asubuhi. Dawa ya yote hayo ni moja: taja jina la siku, tarehe, saa pamoja na sehemu ya siku, na mji ambao saa yake ndiyo inayofuatwa.

Jambo la mji ndilo linalosahaulika zaidi. Saa ya Dar es Salaam haibadiliki mwaka mzima, na ya Maskati vilevile, nayo hutangulia yetu kwa saa moja daima. London haiko hivyo. Jumapili ya mwisho ya Machi husogeza saa zao, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba huzirudisha. Katika kiangazi chao tunawatangulia kwa saa mbili, na katika majira ya baridi kwa saa tatu. Mwaka 2024 Jumapili hiyo ya Oktoba iliangukia tarehe 27, wiki mbili tu baada ya kikao chetu cha kwanza kwa saa mpya. Ina maana kwamba mtunza hazina angebadilishiwa saa mara mbili ndani ya mwezi mmoja, mara moja na sisi na mara moja na nchi anayoishi. Ikabidi tuamue waziwazi kwamba saa inayotawala ni ya Dar es Salaam, ndipo tukaandika tangazo hili, lililotolewa Alhamisi tarehe 19 Septemba:

“Kikao cha kamati cha kila wiki kinahama. Kilikuwa Alhamisi saa 2:30 usiku. Sasa kitakuwa kila Jumamosi saa 10:30 alasiri hadi saa 11:45 jioni, kwa saa za Dar es Salaam. Kikao cha mwisho kwa saa ya zamani ni Alhamisi, tarehe 3 Oktoba 2024. Alhamisi, tarehe 10 Oktoba, hakuna kikao. Kikao cha kwanza kwa saa mpya ni Jumamosi, tarehe 12 Oktoba 2024. Mahali ni palepale, na simu ya walio nje itafunguliwa saa 10:20. Kwa Maskati ni 17:30. Kwa London ni 14:30 katika vikao vya Oktoba, na ni 13:30 kuanzia kikao cha tarehe 2 Novemba. Sababu ya mabadiliko ni kuwawezesha wajumbe wote kuhudhuria. Ratiba ya Ramadhani itatangazwa kando. Ambaye saa hii haimwezekani amweleze katibu kabla ya tarehe 3 Oktoba.”

Msomaji ataona kwamba tangazo limetaja hata siku ambayo hakuna kitu. Hiyo tarehe 10 Oktoba ndiyo shimo ambalo watu hutumbukia, kwa kuwa ya zamani imekoma na mpya haijaanza. Ataona pia kwamba saa ya kumaliza imeandikwa. Hapa kwetu Magharibi haiingii kabla ya saa kumi na mbili jioni katika mwezi wowote, kwa hiyo kumaliza saa 11:45 kunaacha nafasi ya kutawadha, na kunampa mama yetu mwanga wa kupandia gari. Bila mwisho huo, faida ya kuhama ingeliwa na mazungumzo.

Tangazo lilisomwa kikaoni, likabandikwa ubaoni na kutumwa katika kundi la simu. Hatukuridhika na majibu ya “sawa” na “nimepata”, kwani hayo yanathibitisha kwamba ujumbe umefika, si kwamba umeeleweka. Tulimwomba kila mjumbe aandike kwa maneno yake siku na saa atakayohudhuria mahali alipo. Tisa waliandika sawasawa. Ndugu wa London aliandika kwamba atakuwa tayari saa 16:30, yaani aliichukua saa yetu bila kuigeuza, na kama tungeridhika na “sawa” yake angefungua simu sisi tukiwa tumekwisha kutawanyika. Wa kumi na moja hakujibu. Tulipomfuatia tukakuta simu yake imeharibika, tukampelekea karatasi nyumbani.

Tuliwaomba pia wenye kuweka vikumbusho katika simu wafute kile cha Alhamisi kabla ya kuweka cha Jumamosi, la sivyo cha zamani kitaendelea kulia kila wiki. Walio nje waliandikishe kikumbusho kipya kwa saa za Dar es Salaam, ili London wanapobadili saa simu yenyewe ifanye hesabu.

Alhamisi ya tarehe 10 Oktoba tulimwacha kijana mmoja barazani baada ya Isha. Mzee wetu mmoja alifika na daftari lake kwapani. Tangazo alikuwa amelisoma na jibu lake lilikuwa sahihi. Miguu tu ndiyo iliyomleta. Walikaa wakanywa kahawa, kisha kijana akamsindikiza nyumbani.

Kwa wiki nne za mwanzo tulisoma daftari la mahudhurio kwa jicho tofauti. Anayechelewa kwa saa moja kamili, au anayewahi kwa saa moja kamili, amekosea kugeuza saa za miji. Anayekuja siku ya zamani amechukuliwa na mazoea, na huyo hupona kwa wiki mbili. Asiyeonekana kabisa ndiye wa kufuatwa, kwani ama habari haikumfikia ama saa mpya haimwezekani na ameona haya kusema. Jumamosi ya tarehe 26 Oktoba, kabla ya kufunga kikao, mwenyekiti aliwakumbusha wote kwamba usiku ule London watarudisha saa. Tarehe 2 Novemba ndugu yetu alikuwa hewani saa 10:20, na hesabu ya hazina ikasomwa yote bila kukatika. Baada yake mama wa kitengo cha wanawake alitoa maoni ya wazazi, na darasa la wasichana likapangiwa kumalizika nusu saa kabla ya Magharibi.